Neno Moja Katika Elfu

Kwa wiki moja ya Januari 2012, kuanzia tarehe 11 hadi 18, watu 689,003 waliokuwa wakitumia Facebook walifanyiwa jaribio bila wao kujua. Baadhi yao walipunguziwa machapisho ya marafiki yenye maneno ya furaha. Wengine walipunguziwa yenye maneno ya huzuni na hasira. Kisha watafiti wakayahesabu maneno waliyoyaandika watu hao wenyewe, ili waone kama mtu akikosa furaha ya wenzake naye huanza kuandika kwa huzuni. Walioteuliwa ni wale waliokuwa wakiisoma Facebook kwa Kiingereza. Kwa hiyo mtu wa Nairobi au Dar es Salaam aliyeuacha ukurasa wake katika lugha hiyo huenda alikuwamo, na aliyeuweka kwa Kiswahili hakuwamo.

Ripoti ilitoka Juni 2014 katika jarida la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani. Iliandikwa na Adam Kramer wa Facebook, pamoja na Jamie Guillory na Jeffrey Hancock. Ilisema kwamba hisia huambukizwa kupitia mtandao, hata pale watu wasipoonana ana kwa ana. Ghadhabu ikazuka kila mahali, zaidi kwa sababu watu hawakuombwa ridhaa, na ghadhabu hiyo ilikuwa ya haki. Jarida lenyewe lilichapisha tamko la wasiwasi mwezi uliofuata. Lakini katika makelele hayo kuna jambo jingine lililopita bila kuulizwa. Wasomaji wengi waliondoka wakiamini kwamba kampuni hiyo ilifanikiwa kuwatia huzuni mamia ya maelfu ya watu kwa kugusa kitufe. Namba zilizomo ndani ya ripoti hazisemi hivyo hata kidogo, na hazikufichwa. Watafiti walizichapa wazi. Ila kila aliyeisimulia habari ile alichukua namba moja akaiacha ya pili.

Namba iliyochukuliwa ni ile watafiti wanayoiita p. Waliopunguziwa machapisho ya furaha waliandika maneno ya furaha kwa uchache zaidi kuliko wenzao wa kulinganishwa, na p ya tofauti hiyo iliandikwa kuwa chini ya 0.001. Ukiikokotoa mwenyewe kutokana na takwimu walizotoa, utaona ni ndogo kuliko hapo: haifiki mbili katika milioni mia moja. Mtu asiye mtaalamu akiona namba ndogo namna hiyo husema, hapa pametokea jambo kubwa.

Sivyo p inavyosomwa. Thamani ya p hujibu swali moja jembamba sana. Tuseme kupunguza machapisho hakukuwa na athari yoyote, na kwamba makundi mawili yalitofautiana kwa bahati tu, jinsi makundi yoyote mawili ya watu yanavyotofautiana kidogo. Je, katika hali hiyo bahati peke yake ingetuletea tofauti kubwa kama hii, au kuizidi, mara ngapi? Ikiwa jibu ni mara chache mno, tunaanza kuitilia shaka dhana ya kwamba athari haipo. Desturi ya kuweka mpaka kwenye 0.05 ilienezwa na Mwingereza Ronald Fisher katika miaka ya 1920, na tangu hapo matokeo yaliyo chini ya mpaka huo yanaitwa yenye umuhimu wa kitakwimu. Swali la kama athari ipo limejibiwa. Swali la athari ni kubwa kiasi gani halijaguswa. Chama cha Wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2016 na kulisema hili bila kuzunguka: p haipimi ukubwa wa athari wala uzito wa matokeo.

Basi tuchukue namba ya pili. Ripoti inasema kwamba sehemu ya maneno ya furaha ilishuka kwa pointi 0.1 ya asilimia. Yaani katika kila maneno elfu moja aliyoyaandika mtu, neno la furaha lilipungua moja. Sasa jiulize ni lini mtu wa kawaida huandika maneno elfu moja. Katika jaribio lile zilichambuliwa posti zaidi ya milioni 3, zenye maneno zaidi ya milioni 122, na hiyo ni wastani wa maneno 40 hivi kwa kila posti. Neno moja lililopotea linahitaji posti 25 ili lionekane. Ukigawa maneno yote kwa watu wote, kila mmoja aliandika maneno 177 hivi kwa wiki nzima. Kwa mwendo huo, mtu angelazimika kukaa ndani ya jaribio hilo kati ya wiki tano na sita kabla hajapungukiwa na neno moja la furaha. Rafiki yake aliyekuwa akimsoma kila siku asingeona lolote.

Tofauti iliyo ndogo kiasi hicho ilipataje p ndogo kiasi kile? Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na hesabu yake haimshindi mtu yeyote anayejua kipeuo cha pili.

Kwanza tuipime tofauti kwa kuilinganisha na jinsi watu wenyewe wanavyotofautiana. Kuna anayependa kuandika kwa bashasha na kuna anayelalamika kila siku; sehemu ya maneno ya furaha hupanda na kushuka kutoka mtu hadi mtu. Kutokana na namba za ripoti, utofauti huo wa kawaida ulikuwa karibu pointi 5 za asilimia. Tofauti iliyoletwa na jaribio ni pointi 0.1. Gawa 0.1 kwa 5, unapata 0.02. Hiki ndicho kipimo kinachoitwa d, na hutajwa pamoja na jina la Jacob Cohen, mwanasaikolojia wa Marekani aliyepigania kwa miaka mingi kwamba ukubwa wa athari uandikwe na usiachwe nyuma ya p. Cohen alipendekeza, kwa tahadhari nyingi, kwamba d ya 0.2 ihesabiwe ndogo, 0.5 ya kati na 0.8 kubwa. Hii yetu ni sehemu ya kumi ya kile alichokiita kidogo.

Pili, kipimo ambacho p huzaliwa nacho huitwa t. Makundi mawili yakiwa na watu sawa, t hupatikana takribani hivi:

```
t = d × √(n / 2)
```

Hapo n ni idadi ya watu katika kila kundi. Iangalie fomula hiyo kwa makini, kwa maana ndiyo inayobeba makala yote. Upande wa kulia una vitu viwili: ukubwa wa athari, na idadi ya watu. t ikikua, p hupungua. Na t inaweza kukua kwa sababu athari ni kubwa, au kwa sababu watu ni wengi, na ukiletewa p peke yake huna namna ya kujua ni ipi kati ya hizo.

Tuijaribu. Chukua athari ileile ya 0.02, usiiguse, kisha ubadilishe idadi ya watu tu. Kwa watu 100 katika kila kundi, nusu ya mia ni 50, kipeuo chake cha pili ni karibu 7.07, na t inakuwa 0.14. p yake ni kama 0.89, na mtafiti atarudi nyumbani akisema hakuona chochote. Kwa watu 1,000 kila kundi, t ni 0.45 na p ni karibu 0.65, bado hakuna kitu. Ukifika watu 20,000 kila kundi, t inafika 2 kamili na p inateremka hadi 0.046, ikavuka mpaka wa Fisher. Sasa weka watu 155,000, ambao ndio kadirio la kila kundi katika jaribio la Facebook. t inaruka hadi karibu 5.6. Ripoti iliandika 5.63, na pengo dogo lililobaki linatokana na d kukaribishwa hadi tarakimu mbili. Tofauti imebaki neno moja katika elfu tangu mwanzo wa aya hii hadi mwisho wake. Kilichobadilika ni wingi wa watu tu, na huo umetosha kuitoa p kutoka 0.89 hadi namba isiyoonekana kwa udogo.

Sampuli kubwa ni kama mizani ya sonara: hunasa hata uzito wa unywele, lakini kunaswa kwake hakuupi unywele thamani ya dhahabu. Watafiti wa zamani, waliokuwa na wahojiwa 60 au 200, walikuwa na kinga bila ya kujitafutia. Kwa sampuli zao, athari hafifu haikuweza kuvuka mpaka wa 0.05, kwa hiyo kilichovuka mara nyingi kilikuwa na ukubwa fulani. Leo kampuni ya simu ina kumbukumbu za mamilioni ya wateja, na sensa na mifumo ya mitihani ina majina ya nchi nzima. Katika bahari ya namna hiyo karibu kila ukilinganishacho hutoka na p ndogo, kwa sababu makundi mawili ya watu hayalingani kabisa katika jambo lolote. Kusema tofauti haikuwa sifuri kamili ni kusema jambo ambalo tungelikisia kabla ya kupima.

Kuna njia nyingine ya kuiona d ya 0.02, na mimi naipenda kwa sababu haihitaji jedwali. Mchukue mtu mmoja kwa kubahatisha kutoka kundi lililopunguziwa furaha, na mmoja kutoka kundi la kulinganishwa. Uliza ni nani kati yao aliyeandika maneno ya furaha kwa sehemu kubwa zaidi. Kama jaribio halikufanya lolote, mtu wa kundi la kulinganishwa angeshinda mara 50 katika 100. Kwa makadirio ya kawaida ya d hii, angeshinda mara 50.6. Ukipewa posti za watu wawili na kuambiwa utaje ni nani aliyechezewa ukurasa, kujua matokeo ya utafiti huu kungekusaidia kiasi hicho tu, juu ya kurusha shilingi.

Ripoti nzuri basi haiandiki p na kunyamaza. Inaandika tofauti yenyewe kwa kipimo ambacho msomaji anakijua, iwe ni maneno, kilo, alama za mtihani au siku za kulazwa, halafu inaweka mipaka miwili, wa chini na wa juu, inayoonyesha ukubwa wa kweli unaweza kukaa wapi bila kupingana na takwimu zilizokusanywa. Kwa jaribio letu mipaka hiyo ni takribani maneno 7 na maneno 13 katika kila maneno 10,000. Hapo msomaji anaona mambo mawili kwa pamoja. Mpaka wa chini haugusi sifuri, na hilo ndilo p ilikuwa ikilisema. Mpaka wa juu nao bado ni mdogo mno, na hilo p isingeweza kulisema. Mipaka hiyohiyo husaidia pia upande wa pili, pale sampuli ni ndogo. Utafiti wa wagonjwa 30 unaweza kutoa p ya 0.2, gazeti likaandika kwamba dawa haifanyi kazi, ilhali mipaka inaanzia kudhuru kidogo na kuishia kwenye nafuu kubwa. Utafiti wa namna hiyo haujakanusha chochote. Umeshindwa kujua tu.

Watafiti wa Facebook hawakuukana udogo wa athari yao. Waliutaja, wakaeleza kwamba jaribio liligusa sehemu ndogo ya mambo yanayompata mtu kwa siku, kisha wakajenga hoja ambayo inastahili kujibiwa kwa heshima. Walisema mtandao wao una watu wengi sana, na kwamba hata athari ndogo namna hii, ikizidishwa kwa watu wote, ni mamia ya maelfu ya semi za hisia kila siku. Hesabu hiyo si ya uongo. Ila inabidi kuuliza kinachojumlishwa ni nini. Kama kila mtu mmoja katika elfu angezama katika huzuni ya kweli, jumla ingekuwa msiba. Lakini kama kila mtu anaacha neno moja la furaha kwa wiki tano au sita, jumla inabaki kuwa maneno mengi yaliyotawanyika, na hakuna aliyeumia mahali popote katika orodha hiyo. Wastani wa kundi hauwezi kutuambia ni picha ipi kati ya hizo mbili ndiyo ya kweli.

Tena maneno si moyo. Programu iliyotumika ilihesabu maneno yaliyomo katika orodha ya hisia. Haikusoma maana. Anayeandika kwamba hana furaha bado ametumia neno furaha. Mtu aliyesoma habari nzito za marafiki anaweza kupunguza mzaha kwa adabu tu, kama tunavyoteremsha sauti tukipita penye matanga, bila yeye mwenyewe kuhuzunika. Tofauti ikiwa kubwa, kasoro za kipimo cha aina hii haziifuniki. Ikiwa neno moja katika elfu, zinatosha kubadilisha maana yake yote. Kwa upande huu sampuli kubwa haitoi msaada: kuongeza watu hupunguza kuyumba kwa bahati, lakini kipimo kisicholenga kitu chenyewe hubaki hivyo hivyo hata ukipima bara zima.

Hata hivyo nisingependa msomaji aondoke akidharau kila namba ndogo, kwa maana ipo ndogo iliyookoa watu. Mwaka 1988 zilichapishwa takwimu za kwanza za utafiti wa madaktari wa kiume 22,071 wa Marekani, wenye umri kati ya miaka 40 na 84. Nusu yao walimeza aspirini kila baada ya siku moja, nusu wakameza kidonge kisicho na dawa. Baada ya karibu miaka 5, mshtuko wa moyo ulikuwa umewapata 104 kati ya 11,037 waliokuwa wakimeza aspirini, na 189 kati ya 11,034 wa upande wa pili. p ilikuwa chini ya moja kwa milioni, na sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa kabla ya wakati wake.

Ukipima athari hiyo kwa uwiano wa kitakwimu kati ya kidonge na mshtuko, unapata 0.034, na ukiuzidisha kwa wenyewe unapata karibu sehemu moja ya elfu. Kwa kipimo hicho aspirini inakaribia kuonekana si kitu. Mwanasaikolojia Robert Rosenthal aliutumia mfano huu mara kwa mara kuwaonya wenzake. Magazeti nayo yalikuwa na kipimo chao: hatari imepungua kwa asilimia 45 hivi, na hilo linasikika kama muujiza. Namba zote mbili ni sahihi, na zote mbili zinampoteza mtu. Rudi kwenye watu wenyewe. Bila aspirini, madaktari 17 katika kila elfu walipata mshtuko katika kipindi hicho. Kwa aspirini, 9. Wanane katika elfu waliepushwa, au mmoja kwa kila 130 waliomeza kidonge kwa miaka hiyo yote. Tofauti ni ndogo, lakini ni ya mioyo, si ya maneno, na kidonge chenyewe ni cha bei nafuu.

Ndiyo maana viwango vya Cohen vya ndogo, kati na kubwa havitoshi kuwa hukumu, na yeye mwenyewe hakutaka viwe hivyo. Ukubwa huandikwa ili uwekwe kwenye kikapu kimoja na gharama na madhara, na hapo ndipo daktari na mgonjwa wanapokuwa na kitu cha kujadili. Aspirini huongeza kutokwa na damu tumboni, na mara chache kwenye ubongo. Tafiti zilizofuata, kwa watu wenye umri mkubwa na katika zama ambazo shinikizo la damu na lehemu vinatibiwa vizuri zaidi, zilionyesha kwamba faida ile ya watu wachache katika elfu imesinyaa huku hatari ya damu ikibaki palepale. Mwaka 2022 jopo la Marekani linaloshauri kuhusu kinga ya magonjwa lilipendekeza kwamba watu wa miaka 60 na zaidi wasianze kumeza aspirini kwa ajili ya kuzuia mshtuko wa kwanza. Waliofikia uamuzi huo waliweka upande mmoja wangapi katika elfu wangeepushwa na mshtuko, na upande wa pili wangapi katika elfu wangetokwa na damu, kisha wakalinganisha.